Neno Kanieneo na Ndugu Zake wa Kariakoo

Kariakoo ni neno la kukopwa ambalo limesahau lilikotoka. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, yaani watu waliobeba risasi na vyakula vya jeshi katika vita ile kubwa ya kwanza, kiliwekwa katika sehemu hiyo ya mji. Jina la kikosi kwa Kiingereza lilikuwa la maneno mawili. Vinywa vya wenyeji viliyalainisha yakawa neno moja, nalo likabaki baada ya wapagazi kuondoka. Nairobi nako limo jina la asili hiyo hiyo. Leo mtu ashukaye kwenye kituo cha Msimbazi hahitaji kuijua habari ya kikosi hicho ili ajue aendako. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya neno geni kuingia katika lugha: huwa jina la mahali panapoonekana kwa macho, na macho humaliza kazi yote ya kufasiri.

Majina ya mambo yasiyoonekana hayana njia nyepesi ya namna hiyo. Habari hii yahusu jambo moja la namna hiyo, ambalo elimu ya fizikia imelifafanua vizuri tangu karne ya kumi na saba, na ambalo katika mitaa michache ya Kariakoo lina majina matano ya Kiswahili. Watumiao jina moja aghalabu hawajui kwamba wale wenye majina mengine wasema jambo lile lile.

Mtu na atembee asubuhi moja kutoka Mtaa wa Msimbazi kuelekea upande wa Gerezani, waliko mafundi wa magari. Fundi wa matairi amechuchumaa kando ya gari dogo, geji mkononi, naye amwuliza dereva, "Nikuwekee upepo kiasi gani, kaka?" Dereva ajibu, "Weka thelathini." Hatua chache mbele, ndani ya duka la dawa, mama mmoja ametiwa mkanda mkononi, na kijana wa dukani amwambia, "Mama, presha yako imepanda." Juu ya kichwa cha duka hilo limesimama jengo la ghorofa kumi, na mpangaji wa ghorofa ya juu alalamika kwamba maji yake hayana msukumo. Redio iliyo mezani kwa mwuza vitambaa yatangaza utabiri wa hali ya hewa, na mtangazaji ataja mgandamizo mdogo wa hewa juu ya Bahari ya Hindi. Na mtoto wa shule apitaye hapo, mkoba mgongoni, amebeba ndani ya daftari lake neno kanieneo, ambalo amelikariri kwa ajili ya mtihani.

Upepo, presha, msukumo, mgandamizo, kanieneo. Hospitalini kuna la sita, shinikizo, ambalo ni jina rasmi la kile ambacho duka la dawa lakiita presha. Mwenye kujua Kiingereza ataona mara moja kwamba yote haya yaangukia chini ya neno moja la lugha ile, neno ambalo Kiswahili kimelikopa na kuliandika presha. Hukumu ya haraka ingekuwa kwamba Kiswahili kimevurugika na Kiingereza kimenyooka. Hukumu hiyo si ya haki, lakini haifai kutupwa kabla ya kutazamwa, kwa sababu ndiyo iliyo mioyoni mwa wanafunzi wengi waingiapo kidato cha kwanza.

Yafaa kwanza kutazama jinsi neno la shuleni lilivyopata nafasi yake. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikuwa na kazi kubwa ya kusanifisha tahajia na kupitisha vitabu vya shule. Baada ya uhuru kazi ya utafiti ilipewa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 sheria ya Bunge ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huo huo, baada ya Azimio la Arusha na siasa ya elimu ya kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi za serikali. Mara moja walimu walihitaji maneno ya sayansi, si kwa maonyesho bali kwa somo la kesho asubuhi. Maneno hayo yalipatikana, yakaingia vitabuni, na mwaka 1990 Taasisi ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Lakini njia ilikatwa katikati. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee mpaka sekondari; serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Kiingereza kikabaki. Matokeo yake kwa neno kama kanieneo ni ya ajabu. Mtoto alifundishwa akiwa darasani kwa wadogo, akalitumia miaka miwili au mitatu, kisha akaamriwa aliache mlangoni mwa sekondari. Hakupata kuwa mtu mzima nalo. Halikutumika karakana, wala hospitali, wala ofisi ya maji, kwa sababu waliokuwa wakisomea kazi hizo walizisoma kwa Kiingereza. Neno lilibaki na umri wa miaka kumi na mitatu.

Hata hivyo haitoshi kulaumu siasa ya elimu. Neno lenyewe lina ugumu wake, na ugumu huo wastahili kuchunguzwa na kila mtu atakaye kuunda maneno.

Kanieneo limeundwa kwa maneno mawili. Kani ni neno la zamani. Kamusi za Kiswahili za wakati wa ukoloni zalieleza kuwa ni nguvu, tena na ukaidi, kama katika msemo wa kushika kani. Wanafizikia walilichukua wakalipunguza, likawa jina la kile kisukumacho au kivutacho kitu, chenye ukubwa na mwelekeo, kipimwacho kwa nyutoni. Uchaguzi huu ulikuwa wa busara. Neno nguvu lilikwisha kutumiwa kwa mambo mengi, nguvu za dawa, nguvu za kiume, nguvu ya hoja, na kulisafisha kungekuwa kazi ya bure. Kani lilikuwa limekaa pembeni, linajulikana lakini halina shughuli nyingi. Eneo nalo latokana na kuenea, na maana yake katika hesabu ni ukubwa wa uso wa kitu. Kwa hiyo aliyeliunda neno kanieneo alitaka jina liwe na maelezo yake ndani: ni jambo lipatikanalo kwa kuitazama kani pamoja na eneo.

Ndipo taabu ianzapo. Katika Kiswahili, majina mawili yakiunganishwa, aghalabu la kwanza ndilo lenye nyumba na la pili ni mgeni. Mwanasheria ni mtu, si sheria. Mwendokasi ni namna ya mwendo. Mtoto asikiaye kanieneo, akilifuata sikio lake la Kiswahili, atadhani kwamba ni aina ya kani. Sikio lake halina kosa. Lakini kanieneo si aina ya kani hata kidogo. Kani ina mwelekeo, kanieneo haina. Ndani ya maji yaliyotulia husonga kila upande sawasawa, juu, chini na ubavuni. Kani ya mzigo mmoja haibadiliki mzigo ukilazwa au ukisimamishwa, kanieneo hubadilika. Mwalimu aweza kulipima kosa hili kwa swali moja fupi. Aliweke tofali juu ya meza, kwanza likiwa limelala, kisha likiwa limesimama, na aulize ni wakati gani tofali huisukuma meza kwa kani kubwa zaidi. Mwanafunzi ajibuye kwamba ni likisimama amechukua kanieneo kuwa kani. Wako wengi, na wengi wao waweza kukariri maelezo ya kitabuni bila kukosea neno.

Ugumu wa pili umejificha katika kineno kidogo sana, nacho ni kwa. Kanieneo hupatikana kwa kuigawanya kani kwa eneo, na waandishi wapendao ufupi huandika kwamba kanieneo ni kani kwa eneo. Sasa msomaji na afikiri jinsi neno kwa linavyotumika katika mitaa hiyo hiyo. Dereva asemapo kilomita 60 kwa saa, amegawanya. Mwuza mazulia asemapo zulia la mita 5 kwa 3, maana yake ni kuzidisha, kwani mnunuzi akitaka kujua ukubwa wa zulia atapata mita 15 za mraba. Na kijana wa duka la dawa asemapo presha ni 120 kwa 80, hakugawanya wala hakuzidisha. Ametaja vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa nyakati mbili za pigo moja la moyo. Kineno kimoja, kazi tatu. Mwandishi akiandika kani kwa eneo, amemwachia msomaji achague, na jina lenyewe, ambalo limeziweka kani na eneo bega kwa bega kama urefu na upana wa zulia, lamvuta achague kuzidisha. Dawa yake yapatikana kwa neno moja tu: kila. Kanieneo ni kani iliyo juu ya kila mita moja ya mraba. Hapo hapana nafasi ya kuzidisha, na hakuna Mswahili, hata asiyesoma, asiyejua maana ya kugawana kitu kwa kila mmoja.

Msomaji aliyezoea Kiingereza atasema kwamba taabu zote hizi zingekwepwa kwa kuchukua neno presha na kulitumia darasani. Wengi wamesema hivyo kuhusu maneno mengi, na katika baadhi yake wana haki: hakuna aliyepata hasara kwa sababu ya oksijeni kuitwa oksijeni. Lakini oksijeni ilikuja bila mizigo. Presha iliingia kwa mlango wa hospitali, na ilipopita mlango huo iliacha nje sehemu kubwa ya maana yake. Katika Kiswahili cha Kariakoo presha ni ugonjwa. Mtu husemwa ana presha kama vile asemwavyo ana malaria. Kisha ikapata maana nyingine, ya wasiwasi wa moyo, hata mfanyabiashara asiyepata wateja husema ana presha ya kodi.

Madhara yake si ya lugha peke yake. Yule mama wa duka la dawa, baada ya kumeza vidonge vyake kwa mwezi mmoja, arudi kupimwa tena na kijana amwambia, "Mama, sasa huna presha." Kijana amesema Kiswahili sahihi cha mtaani, naye mama amemwelewa sahihi: ugonjwa umekwisha. Basi aacha vidonge, kama amezavyo dawa ya malaria mpaka homa ikaondoka. Baada ya wiki chache kipimo kimerudi kilipokuwa, na mama hajisikii maumivu yoyote, kwa kuwa maradhi haya kwa kawaida hayaumi mpaka yavunje kitu, na kitu chenyewe ni mshipa wa ubongo, au moyo, au figo. Asiye na presha kwa maana ya fizikia ni maiti. Damu ya kila aliye hai yasukuma kuta za mishipa, na ndiyo maana hufika miguuni na kichwani. Kilichokuwa kikubwa kwa mama ni kiasi, si kuwapo, na vidonge ndivyo vilivyokuwa vikikishusha kiasi hicho. Neno la kukopwa halikumwonyesha tofauti hiyo.

Wizara na hospitali hutumia shinikizo la damu, na husema shinikizo la juu la damu pale ambapo mtaani husemwa presha. Neno ni zuri kwa jambo hili. Lina ujamaa na kushindika, kazi ya kukamua mafuta na miwa, kwa hiyo lina ndani yake picha ya kitu kibanwacho katika chombo. Na kule kusema la juu kwalazimisha swali la shinikizo la kadiri, ambalo neno presha halilileti kabisa. Ubaya wake ni kwamba siasa ililichukua pia. Magazeti yamejaa shinikizo la wahisani na shinikizo la wananchi, na msomaji wa gazeti hulisikia kwanza kama kulazimishwa. Haidhuru, mazingira hulitenganisha. Mtu hachanganyi damu na wahisani.

Mgandamizo, neno la watabiri wa hali ya hewa, lina kasoro ya namna nyingine. Kugandamiza ni kukandamiza kwa juu, kama mtu agandamizavyo nguo ndani ya sanduku. Msikilizaji afikiri kwamba hewa hulemea chini tu. Kumbe hewa husukuma hata kwenda juu, kama aonavyo mtu ajazaye bilauri maji mpaka pomoni, akaifunika kwa karatasi ngumu na kuipindua: karatasi haianguki, kwa kuwa hewa iliyo chini yaisukuma juu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia na Kilwa, redio zilitaja mgandamizo mdogo wa hewa mara nyingi, na wasikilizaji wengi walijua tu kwamba maneno hayo huja pamoja na mvua. Kwamba hewa ya pembeni yenye kanieneo kubwa hukimbilia pale ilipo ndogo, na kwamba kukimbilia huko ndiko upepo wenyewe, halikuwamo katika neno.

Sasa warudi kwa fundi wa matairi, ambaye ndiye mwalimu bora katika habari hii yote ingawa hajui kwamba afundisha. Neno lake, upepo, ndilo lionekanalo kuwa la kishamba kuliko yote, na kwa kweli lina kosa: upepo ni jina la kitu kilichomo ndani ya tairi, si jina la jinsi kitu hicho kinavyosukuma. Kosa hilo laweza kupimwa. Tairi la lori huhitaji kiasi cha 100 katika geji, la gari dogo 30, la baiskeli labda 50. Kama upepo ungekuwa wingi wa hewa, tairi la baiskeli lingekuwa na hewa nyingi kuliko la gari, jambo ambalo kila mtu aona si kweli. Tarakimu ya geji ni ratili ngapi zinazosukuma katika kila inchi moja ya mraba, wala haisemi hewa iliyomo ni nyingi kiasi gani. Na lile tairi lililopasuka, ambalo geji yaonyesha sifuri, lina hewa ndani yake yenye kusukuma kwa ratili 15 hivi katika kila inchi ya mraba, sawa na hewa ya nje. Geji haionyeshi kanieneo yote. Yaonyesha ziada iliyo juu ya kanieneo ya hewa ya mji. Mashine ya duka la dawa nayo hupima ziada vivyo hivyo.

Lakini neno likiwa na kosa, jicho la fundi halina. Aona tairi limebonyea chini, limetandaza mguu wake juu ya lami, naye asema, "Hili limekaa." Hapo, chini ya gurudumu, zimo kani na eneo zote mbili, na mwenye penseli aweza kuzihesabu. Gari dogo la kilo 1,200 huvutwa na ardhi kwa kani ya nyutoni 12,000 hivi. Magurudumu manne yakigawana sawasawa, kila moja hubeba nyutoni 3,000. Upepo wa 30, ukigeuzwa kuwa kipimo cha shule, ni karibu kilopaskali 200, yaani nyutoni 200,000 juu ya kila mita ya mraba. Ili hewa ya kanieneo hiyo ibebe nyutoni 3,000, yahitaji eneo la sentimita za mraba 150. Ukubwa huo ni wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari zima, pamoja na abiria wasiohesabiwa hapa, lasimama juu ya viganja vinne. Hesabu hii si kamili, kwa sababu mpira wa tairi wenyewe ni mgumu na hubeba sehemu ya mzigo, lakini yatosha kwa somo. Upepo ukipungua ukawa 15, mzigo ni ule ule, basi eneo sharti liongezeke mara mbili, nalo tairi likae. Fundi alilijua hilo kwa kutazama. Kani haikubadilika, eneo liliongezeka, kanieneo ilipungua. Mtoto wa shule angeonyeshwa jambo hili kabla ya kupewa neno, asingelichukua neno hilo kuwa aina ya kani, wala asingezidisha.

Vipimo navyo vimesaidia kuficha udugu wa maneno haya. Fundi ana ratili na inchi, duka la dawa lina milimita za zebaki, mtabiri ana hektopaskali, kitabu kina paskali. Vikiletwa kwenye meza moja hufunua mengi. Presha ya 120, ile tarakimu ya juu ya mtu mwenye afya, ni kilopaskali 16; katika geji ya fundi isingezidi 2 na kidogo. Ni ndogo kiasi kwamba tairi lingekuwa limelala kabisa, na bado ndiyo iendeshayo uhai. Na yule mpangaji wa ghorofa ya juu ana hesabu nyepesi kuliko zote: kila mita 10 za kimo cha maji huleta kilopaskali 98. Tangi la paani likiwa mita 2 juu ya bomba lake, hupata kilopaskali 20 tu, wakati jirani wa chini, mita 30 kutoka tangini, hupata karibu 300, zaidi ya tairi la gari. Maji ni yale yale na tangi ni lile lile. Akisema msukumo wake ni mdogo hakukosea; akisema maji ni machache amekosea, na atampa fundi bomba kazi isiyomsaidia.

Kutokana na hayo yaonekana jinsi mwandishi wa kitabu cha sayansi angeweza kuandika fungu la kwanza juu ya kanieneo. Aanze kwa tairi lililokaa, ambalo msomaji amekwisha kuliona. Kisha ataje kani iliyo juu ya kila mita moja ya mraba, kwa maneno hayo hayo marefu, mara mbili au tatu, mpaka wazo liwe limekaa. Ndipo alete jina, na aseme wazi kwamba ijapokuwa jina laanza na kani, jambo lenyewe si kani. Baada ya hapo awakusanye ndugu zake: kwamba kanieneo ya hewa ya tairi mafundi huiita upepo, ile ya damu hospitali huiita shinikizo na watu huiita presha, ya maji ya bomba huitwa msukumo, na ile ya anga watabiri huiita mgandamizo. Maelezo haya hayachukui nusu ukurasa. Vitabu vingi havina nusu ukurasa huo, kwa sababu waandishi wake waliona aibu kuweka neno la gereji karibu na neno la Taasisi. Ni aibu isiyo na msingi. Bila upepo na presha, kanieneo ni neno lisilo na jamaa mjini.

Na akisha kulichagua jina, asilibadilishe. Hapa mapokeo ya lugha humpinga, kwa kuwa mwandishi wa Kiswahili aliyelelewa kwa ushairi huona haya kurudia neno moja katika mistari miwili; hutafuta kisawe ili maneno yapendeze. Katika shairi ni adabu. Katika fungu la fizikia, msomaji akikuta kanieneo katika sentensi ya kwanza, mgandamizo katika ya pili na shinikizo katika ya tatu, ana haki ya kufikiri kwamba ni vitu vitatu, hasa yule aliyezoea kitabu cha Kiingereza kisemacho jambo hili kwa neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi wa wasomaji wa namna hiyo walalamikapo kwamba Kiswahili cha sayansi kina mchanganyo, hawalalamikii ugeni wa maneno. Walalamikia kubadilishwa kwake njiani bila taarifa.

Kuhusu duka la dawa, wala hapahitajiki istilahi mpya. Kijana aweza kuliacha neno presha lilivyo, kwa maana mama hatalibadilisha kwa ajili ya kamusi yoyote, na kuongeza maneno machache tu mbele yake. "Mama, presha kila mtu anayo, hata mimi. Yako ilikuwa 160, leo ni 130. Vidonge ndivyo vinavyoishikilia hapo." Mama atauliza, kama waulizavyo wengi, "Nikiviacha, mwanangu?" Naye kijana aweza kumwelekeza dirishani, kwenye gari lililoinuliwa jeki mbele ya kibanda cha fundi, na kumwambia kwamba hewa hukaa katika tairi ikizibwa, lakini damu hukaa katika kiasi chake ikiwa tu kitu kinaishikilia kila siku.